Ukigusa, Umecheza

Nyumbani kwetu Rumonge mimi ndiye bahili wa umeme. Wengine huficha sukari, mimi naficha chaja. Mtu akiniomba simu "nipige kidogo tu", namuuliza kwanza anampigia nani, na kwa nini asimfuate kwa miguu. Wamenizoea, na wananisema nikiwa nasikia. Sikuzaliwa hivyo. Barabara ndiyo iliyonifundisha.

Barabara yenyewe ni ile inayofuata ziwa kutoka kwetu hadi Bujumbura. Baba na mimi tuliisafiri pamoja kila siku ya kazi ambayo gari lilipatikana. Mimi ni keshia katika duka la misumari, rangi na mabati. Yeye ni fundi cherehani, mwenye meza yake chini ya paa la soko, meza aliyoikalia tangu kabla sijazaliwa. Amewashonea watu kanzu za Idi, suti za harusi na sare za shule, na mpaka leo akikutana na mtu njiani humtazama mabega kwanza, ndipo amsalimie.

Mama hakuipenda tena safari hiyo. Alisema mzee amechoka, tuna michikichi yetu huko juu inayohitaji mtu wa kuisimamia, na vijana wa kushona wamejaa mjini. Kaka zangu walikubaliana naye. Baba akasema atarudi nyumbani siku ile mwili utakapokataa, si siku watoto watakapoamua. Basi Mama akaniita jikoni.

"Weye ndiye munasafiri naye," akaniambia. "Siku utaona ameshindwa, unaniambia. Siku ileile. Cherehani itarudi hapa, na yeye atakaa."

Nikamwambia sawa. Ndivyo nilivyofanywa mlinzi wa baba yangu, kazi ambayo haina mshahara wala shukrani, na ambayo yeye mwenyewe aliijua tangu siku ya kwanza. Kila tulipoingia garini aliketi wima mno, apate kuonekana mzima.

Sasa niseme kwa nini simu ilikuwa na uzito huo. Miaka hii ya shida ya esansi, gari la jioni halisubiriwi barabarani. Linasubiriwa kwenye simu. Dereva wetu, mtu wa Rumonge mwenye gari dogo la mizigo lililogeuzwa kuwa la watu, hushinda kwenye foleni ya mafuta, na akipata ndipo anawapigia wateja wake: njooni mahali fulani, naondoka. Anapiga mara moja, labda mbili. Simu ikiwa imezimika, kiti chako kinapewa mwingine, nawe unalala mjini kwa shangazi kwenye mkeka mwembamba. Baba hakuwa na simu. Ile yake ya kubonyeza alimwachia Mama. Kwa hiyo wote wawili tulirudi nyumbani kwa betri moja, yangu, na nyumbani umeme ulikuja ulipotaka. Kulikuwa na usiku tuliochomeka chaja ukutani tukaamka imening'inia bure. Betri ya akiba niliyowahi kununua ilivimba mwezi wa pili, nikaitupa kwa hasira.

Mtu mwenye akili angesema: basi usicheze na simu njiani. Ni kweli. Lakini mtu huyo hajakaa na baba yangu kutoka Rumonge hadi Bujumbura bila kazi ya mikono. Anamkosoa dereva kila kona. Anamwambia abiria wa mbele kwamba koti lake limekatwa vibaya kwapani. Nikaona heri dama. Nikapakua mchezo wa dama usiohitaji mtandao, wa watu wawili kwa simu moja: wewe unacheza, unampa mwenzako, anacheza, anakurudishia. Tangu siku hiyo dereva alipata amani, na mimi nikapata mpinzani mwenye maringo.

Baba na dama ni habari nyingine. Pale sokoni mafundi wana ubao wao, na kete ni vifuniko vya chupa, wengine wanavilaza kifudifudi na wengine chali. Sheria ya mafundi ni moja, na Baba ndiye aliyekuwa hakimu wake: ukigusa, umecheza. Kidole kikitua juu ya kete, hiyo ndiyo utakayoisogeza, hata kama umeona shimo mbele yako. Nikiwa mdogo nilimwona akimnyima mteja wake mkubwa ruhusa ya kurudisha kete, na mteja akaondoka na kitambaa chake. Baba hakujuta. Alisema kidole ni ahadi.

Tukaanza kucheza, na mimi nikaanza kupunguza matumizi. Nililifanya jambo hilo kwa bidii kama mtu anayetafuta chawa.

La kwanza lilikuwa mtandao. Asubuhi hakuna anayenitafuta, kwa hiyo tukishakaa garini naweka simu kwenye hali ya ndege. Faida yake niliiona juma la kwanza. Kati ya Rumonge na Kabezi kuna mahali milima inabana barabara dhidi ya maji, na hapo simu inahangaika kutafuta mnara. Wakati mwingine inashika mnara wa Kongo, ng'ambo ya ziwa, inanikaribisha nchi ambayo sijaenda, kisha inaupoteza na kuanza upya. Huko kuhangaika kunakula betri kuliko mazungumzo yenyewe. Tena bila mtandao mchezo haukuweza kuleta matangazo yake. Jioni hali ya ndege haikuwezekana, kwa sababu ya dereva. Nilizima data tu, nikaacha simu ya kawaida iingie.

La pili lilikuwa zile programu zinazofanya kazi kichinichini. Hapo nilijidanganya kwa muda mrefu. Kila dakika nilikuwa nafungua orodha ya programu zilizo wazi na kuzifagia zote, nikijiona mtu wa usafi. Siku moja niliingia kwenye ukurasa wa betri, unaoonyesha nani amekula nini, nikakuta kufagia hakukunisaidia kitu. Zile programu zikifungwa zinajifungua tena, na kuanza upya kunagharimu zaidi kuliko kuziacha zimelala. Mlaji halisi alikuwa kundi la harusi ya mpwa wangu kwenye WhatsApp, ambako kila video ya sare ilijipakua yenyewe, na programu ya video iliyoruhusiwa kufanya kazi hata nisipoifungua. Nikazuia video zisijipakue, nikaikataza ile nyingine kufanya kazi kichinichini, nikazima kile kinachotafuta mahali nilipo. Mahali nilipo nilipajua: nilikuwa barabarani.

La tatu lilikuwa mwanga, na hapo ndipo vita vilipoanza.

Simu yangu ni ya bei ya chini. Kioo chake kinamulikwa chote kwa nyuma, hata picha iwe nyeusi tii, na hakuna kinachomaliza betri kama hiyo taa. Kuiachia simu ijichagulie mwanga ni kosa pia, maana jua likipiga kioo, yenyewe inapandisha mpaka mwisho. Nikaiondolea uamuzi huo. Nikaushusha mwanga hadi robo kwa mkono wangu, na nikaweka kioo kijizime haraka kisipoguswa.

"Ongeza mwanga," alisema Baba.

"Robo inatosha, Baba. Funika na kitenge, utaona vizuri."

"Kitenge iko inaleta giza."

"Ndiyo kazi yake. Kivuli kikiwepo, mwanga kidogo unatosha."

Nilimfunika kichwa na simu pamoja, na abiria wakacheka, maana tulionekana kama watu wanaojifukiza. Mama mmoja wa Gitaza, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, aliyesafiri nasi mara nyingi, alisema, "Yewe, huyu mutoto anampikia baba yake mvuke!" Baba alicheka naye, na chini ya kitenge kidole chake kikaipandisha ile alama ya mwanga. Alifikiri sitajua. Nilijua, nikaishusha alipokwisha kucheza. Tuliendelea hivyo miezi, yeye akipandisha na mimi nikishusha.

Jambo moja lilinichekesha. Huyu hakimu wa sheria ya mafundi, kwenye simu alikuwa anapapasa. Kabla ya kucheza alipitisha kidole gumba juu ya kete zake zote, moja baada ya nyingine, polepole, ndipo arudi kwenye moja na kuisogeza. Nilimtania.

"Baba, si ulisema ukigusa umecheza?"

"Ile ni ya ubao. Simu haina sheria."

"Kidole ni ahadi, Baba."

"Cheza yako, weye. Unaongea sana."

Ni kweli naongea sana. Kila nikisogeza kete natangaza: naja pembeni kushoto, nimefunga mlango, nimekula moja pale katikati, chunga nyuma yako. Yeye alikuwa anasikiliza huku ameinamisha kichwa, na mara nyingi alinifunga. Nilidhani kupapasa ni maringo ya uzee, yaani anazihesabu kete zake kama mtu anavyohesabu kuku jioni. Vilevile nilidhani ni upendo wa baba, kwamba kila jioni tukirudi aliniachia kiti cha upande wa ziwa, ambako jua linashuka juu ya maji, naye akakaa upande wa milima. "Utazame ziwa," aliniambia. Nililitazama. Ni zuri.

Ikaja wiki ambayo umeme wa Rumonge ulikatika tangu Jumapili. Jumanne asubuhi niliondoka na chini ya nusu ya betri, nimenuna. Nikawa natafuta cha kukata zaidi, na katika kuchokonoa mipangilio nikakuta mtetemo. Simu yangu ilikuwa inatetemeka kidogo kila unapogusa kitu, na ule mchezo wa dama uliutumia: ukigusa kete inayoweza kwenda, simu inatikisika kidogo, ukigusa isiyoweza, inanyamaza. Kukiwa na kete ya kula, inatikisika hiyo tu, maana kula ni lazima. Ukila, unasikia mtikisiko mrefu. Mimi nilikuwa siusikii tena kwa mazoea. Nikauzima wote, wa simu na wa mchezo. Nikajipongeza. Haba na haba hujaza kibaba.

Baadaye nilikuja kutazama ukurasa wa betri kwa makini, na ule mtetemo mdogo ulikuwa hauli hata kitu cha kutaja. Mwanga ndio ulaji, mtandao ndio ulaji. Mtetemo wa kidole ni punje. Lakini asubuhi ile sikulijua hilo.

Mbele kidogo ya Gitaza mvua ilikuwa imeteremsha tope barabarani, na magari yalipita kwa zamu upande mmoja. Dereva alizima injini ili asipoteze esansi. Wengine walishuka kununua ndizi. Muuza ndagala alikuwa amekaa mbele yetu na kapu lake. Nilianza mchezo, nikacheza, nikatangaza kama kawaida, nikampa Baba simu.

Akapapasa. Akapitisha gumba safu ya mbele yote, kisha ya pili. Akarudia. Akabonyeza kwa nguvu. Akaigeuza simu, akaigonga na kiganja, akanirudishia.

"Simu imekufa," akasema.

Nikaitazama. Ilikuwa inawaka. Ubao ulikuwa wazi kabisa mbele yetu, kete nyeusi na nyeupe, na safu yake yote ya mbele ilikuwa na njia wazi ya kusogea.

Nilicheka. Nilidhani ananitania kwa sababu ya ile robo ya mwanga. "Baba, iko inawaka."

Hakucheka. Alinyoosha mkono, akaishika tena, akaileta karibu na pua, akaisogeza mbali. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya milima na kuingia dirishani upande wetu. Niliona macho yake yakiitafuta simu mahali ambapo simu haikuwepo.

"Mbona haitikisiki?" akauliza, taratibu sana.

Hapo nikaelewa yote kwa mpigo: kupapasa, ule mwanga aliopandisha chini ya kitenge, kiti cha upande wa milima, ule utulivu alionisikiliza nao. Niliogopa. Halafu, kwa vile ndivyo nilivyo, nikapata hasira. Nikamnong'oneza kwa ukali watu wasisikie.

"Tangu lini?"

Akapangusa kioo cha simu kwa shati lake.

"Baba. Tangu lini?"

"Mbali naona watu," akasema. "Iko kama moshi tu. Ile jicho ya kulia ndiyo imekwenda zaidi. Jua ikiwaka mbele, ndiyo sioni kitu."

"Na kushona?"

"Mikono inajua. Uzi ananitungia ule dada wa meza ya pili. Nampa ndimu, ananitungia sindano kumi." Akapapasa ukingo wa shati langu, akalishika pindo, kama vile anataka kunionyesha kwamba vidole bado vimo kazini. "Usimwambie mama yako."

Barabara ikafunguliwa, dereva akawasha gari, watu wakarudi na ndizi zao. Nilikuwa na neno la Mama shingoni: siku ileile. Mama huwa anasema mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapo nilikuwa nimeketi kando ya mficha maradhi mwenyewe, amekaa wima.

Kutwa nzima dukani nilikosea chenji. Nilimpa fundi bomba misumari badala ya skrubu. Nilijua kwamba nikimwambia Mama tu kwamba mzee haoni, cherehani itapakiwa wiki hiyohiyo, na Baba atakaa barazani akisikiliza mashine za majirani. Nisipomwambia, iko siku atajishona kidole, au gari litamkuta katikati ya njia akisema naona watu kama moshi. Nilimpenda na nilitaka kumpiga.

Jioni tulikutana mahali petu pa kungojea, kwenye ngazi za duka lililofungwa karibu na kituo cha mafuta. Dereva alikuwa hajapiga. Simu ilikuwa imebaki na asilimia kumi na kidogo, maana hata dukani umeme haukuwepo mchana. Tulikaa. Mwisho nikaitoa simu. Nikarudisha mtetemo. Kisha nikashika ile alama ya mwanga na kuipandisha mpaka mwisho wake, jambo ambalo sijawahi kulifanya kwa hiari yangu.

"Tucheze," nikamwambia.

Aliipokea. Kioo kilikuwa kikali kiasi cha kumulika kidevu chake. Gumba likaanza safari yake, na nikausikia ule mtikisiko mdogo, trr, trr, kimya, trr. Sura yake ikalegea. Akacheza. Nikacheza, sikutangaza. Akanisubiri.

"Umekwenda wapi?"

Nikamwambia: "Kushoto, Baba. Safu ya tatu."

"Haya."

Ilipofika zamu yangu tena nilifumba macho nijaribu. Nilipapasa kioo kitupu, laini chote, sikujua mwisho wa ubao uko wapi, na nilipopata mtikisiko sikujua ni wa kete ipi. Nilishindwa kucheza kete moja. Na mtu huyu alikuwa ananifunga miezi yote hiyo, ubao mzima ukiwa kichwani mwake na masikio yake yakiwa mdomoni mwangu.

"Ni mtoto wa jicho, labda," nikasema. "Wanatoa. Tuende kwa daktari wa macho."

"Wakisema hapana?"

"Wakisema ndiyo?"

"Watasema mzee usikae tena kwenye mashine. Na mama yako anangojea hilo neno tu." Alisema bila uchungu, kama mtu anayetaja bei ya kitambaa. "Hapa nikikaa kimya, niko fundi. Nikifungua mdomo, niko kipofu."

Nikaangalia kona ya kioo. Asilimia sita. Kwa mwanga ule ilikuwa inashuka ukiitazama, na dereva alikuwa hajapiga, na mkeka wa shangazi ulikuwa unatungoja. Nikatia kidole nishushe mwanga. Nikakiondoa. Sikuweza kumzimia taa mtu aliyenieleza hivyo sasa hivi. Nikaacha uwake, na nikasema moyoni liwalo na liwe, tutalala mjini.

"Imebaki ngapi?" akauliza.

"Inatosha."

"Imebaki ngapi, mama?" Baba huniita mama pale anapotaka ukweli.

"Sita. Tano sasa."

Akainyoosha simu kwangu kwa mikono miwili.

"Zima hiyo mwanga yote. Weka chini kabisa. Ulikuwa unaniwashia bure, hata hivi siioni ile ubao. Acha tu itikisike." Kisha akaongeza, "Twende nyumbani. Nitamwambia mama yako miye mwenyewe."

Nikaushusha mwanga mpaka mwisho wa chini, hata mimi sikuona kitu ila kivuli. Tukamaliza mchezo hivyo, mimi nikimwambia ninakokwenda na simu ikimwambia anachoweza. Alinifunga. Dereva alipiga kukiwa na asilimia mbili: amepata esansi, tukimbie. Tulikimbia, nimemshika mkono Baba, na kwa mara ya kwanza hakuutoa.

Garini aliniomba nimtazamie ziwa. Nikamwambia jua limeshazama na taa za mitumbwi zinaanza kuwashwa huko mbali. Akasema anaziona kidogo, zimevimba. Sikujua kama ni kweli.

Nyumbani alikula kwanza, akanawa mikono, ndipo akamwambia Mama. Nilikuwa mlangoni. Mama aliweka sufuria chini. Nilitegemea aseme kuhusu cherehani. Akamshika kidevu, akamgeuza kwenye taa ya sola ya mezani, akamchungulia jicho la kulia kwa muda.

"Na nguo yangu ya Idi uliishona hivihivi?" akauliza.

"Ego," akakubali Baba.

"Mushono ulinyooka," akasema Mama, kisha akalia. Cherehani haikutajwa usiku ule.

Daktari wa macho alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limeiva. Wanatoa ile lenzi ya ndani ya jicho iliyochafuka, wanaweka kioo kidogo mahali pake, na mgonjwa anarudi siku hiyohiyo. Baba alimuuliza swali moja tu, kama ataona tundu la sindano. Daktari akasema kwa miwani ya karibu, inawezekana, haapi. Walimfanyia la kulia. Wiki kadhaa alikaa nyumbani akitiwa dawa ya matone, amekatazwa kuinama, kunyanyua mizigo na kujifikicha, na hakuna mgonjwa msumbufu kama yeye. Aligundua kwamba ukuta wetu una ufa na kwamba mimi nimeanza kuwa na mvi. Mama alimwambia afunge tena jicho.

Kuhusu meza ya soko Mama hakusema ndiyo wala hapana. Ila asubuhi moja nilikuta amefunga chakula cha watu wawili, changu na cha Baba.

Siku hiyo Baba aliingia garini kabla yangu, akakaa upande wa ziwa. Muuza ndagala alipopanda Gitaza akamwambia, "Amahoro, mzee, ulipotea!" Baba akamjibu amahoro, akamtazama mabega, akamwambia blauzi yake imepinda bega moja. Nikajua amerudi. Nikatoa simu, nikaweka hali ya ndege, na kwa mazoea mapya niliyojipa nikapandisha mwanga mpaka juu kabla sijampa.

Akavaa miwani yake ya kusomea, akatazama kioo, akakunja uso.

"Mwanga gani huu? Unataka tulale kwa shangazi yako?" Akaushusha mwenyewe mpaka robo, akafunika simu kwa kiganja ipate kivuli.

Nikafungua kwa kete ya pembeni. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka nitangaze, nikaufunga. Nikampa simu kimya.

Baba alitazama ubao muda mrefu, mikono yake imetulia magotini. Kisha akanyoosha kidole kimoja, akagusa kete moja tu, akaicheza.